Slaidi zako haziko mbaya, ni maboksi hayakubaliani

Wasee, leo nitasema kitu kitawauma kidogo. Ukiona slaidi za mtu zinakaa za haraka haraka, mara nyingi shida si rangi wala talanta. Angalia maboksi. Moja lina mstari mwembamba, la pili mnene, la tatu lina kivuli na jirani yake hana. Jicho la klayenti linaona hiyo kitu kabla asome neno moja, na hapo ndipo anaanza kukuteremshia bei.

Najua utaniambia, "si nitarekebisha mwishoni." Hebu tupige hesabu. Chukua kazi ya slaidi 12, kila moja na maboksi 6. Hayo ni maboksi 72. Ukiweka unene wa mstari, kivuli na rangi kwa kila moja, umefanya kitu kimoja mara 216. Hiyo ni jioni nzima, na hakuna mtu anakulipa jioni yako.

Kwa PowerPoint ya kompyuta dawa iko, na ni ya bure. Chora boksi moja tu. Libonyeze kulia, ingia `Format Shape`, uweke mstari wa pointi 1.5 na kivuli chepesi. Rangi chagua kwa safu ya `Theme Colors`, ndio ukibadilisha mandhari ya faili baadaye maboksi yote yabadilike pamoja. Ukiridhika, bonyeza kulia tena uchague `Set as Default Shape`. Kuanzia hapo kila umbo jipya, hata duara, linazaliwa na mavazi hayo hayo.

Ila kuna mipaka, na hapa ndipo watu husema haifanyi kazi. Maboksi uliyochora kabla hayabadiliki. Hayo uyapake kwa `Format Painter`. Mistari ya kuunganisha maboksi ina chaguo lake, `Set as Default Line`, na sanduku la maandishi lina lake, `Set as Default Text Box`. Tena maandishi ya ndani ya boksi yanabebwa pia: ukiacha fonti kubwa nyekundu ukibonyeza, kila boksi jipya litakuja likipiga kelele nyekundu. Na mpango huo unakaa ndani ya faili hiyo peke yake. Ukifungua faili mpya, umerudi mwanzo. Ndio maana mimi nasema hifadhi faili tupu kama kiolezo, aina ya `.potx`, na kila kazi ianzie hapo.

Sasa kona. Hapa PowerPoint inakuangusha kimya kimya. Mviringo wa kona haubebwi na `Set as Default Shape`. Kila boksi la kona za mviringo linakuja na kipimo cha kiwandani, na kipimo hicho si sentimita. Ni sehemu ya upande mfupi wa boksi, kama asilimia 16.7. Kwa hivyo boksi la sentimita 4 kwa 2 linapata mviringo wa karibu sentimita 0.33. Livute hadi 12 kwa 6, na kona inakuwa sentimita 1 nzima. Yaweke kando kando uone: dogo linakaa boksi, kubwa linakaa sabuni.

Wengi hapa huanza kuvuta kile kidoti cha njano kwa macho, boksi baada ya boksi. Mimi sikubaliani na hiyo. Kama hesabu inafuata upande mfupi, basi usiuguse upande mfupi. Amua maboksi yote yatakuwa na kimo cha sentimita 2, kisha urefushe upana tu. La sentimita 4 na la sentimita 12 yatakuwa na kona ile ile 0.33. Vuta kidoti mara moja kwa boksi la kwanza ukitaka kona tofauti, kisha zalisha mengine kwa `Ctrl+D`, kwa sababu nakala inabeba kona yake.

Na ukihitaji kweli boksi la kimo cha 6? Gawanya 0.33 kwa 6, upate 0.055. Lichague, fungua `Alt+F11`, kisha `Ctrl+G`, uandike hivi na ubonyeze `Enter`:

```
ActiveWindow.Selection.ShapeRange(1).Adjustments.Item(1) = 0.055
```

Msimamo wangu ni huu: kabla ununue violezo vya watu, tengeneza boksi lako moja. Kiolezo cha kununua kikikosa boksi unalotaka, utachora lako, na kama hujui mpangilio wa kuanzia umekaa wapi, hilo boksi ndilo litakuchoma mbele ya klayenti.

Fungua slaidi zako za mwisho sai, uhesabu aina ngapi za mistari ziko. Zikizidi mbili, tuonane kwa komenti.