Daftari la mchezo lisilosema nani anamdai nani

Wahenga walituachia methali kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo haituelezi kwa nini michezo mingi ya kupeana fedha huvunjika ilhali daftari lipo, limepigwa mistari kwa rula na kujazwa kila mwisho wa mwezi. Hoja yangu ni kwamba daftari hilo kwa kawaida hujibu swali lisilo sahihi. Linaeleza nani ametoa mwezi huu. Halielezi nani anamdai nani.

Tuchukue mfano wa watumishi kumi wa ofisi moja wanaocheza upatu. Kila mmoja hutoa shilingi 50,000 siku ya mshahara, naye mwenye zamu, ambaye pia hutoa mchango wake, hupokea 500,000. Mzunguko ni miezi kumi. Kijumbe ana daftari lenye majina kumi upande wa kushoto na miezi kumi juu, naye huweka alama ya vema kwa kila aliyetoa. Mwisho wa mwezi wa nne alama zote arobaini zipo. Kwa mtazamo wa daftari, washiriki wote wako sawa.

Hawako sawa hata kidogo. Kila mmoja wa wanne waliokwisha kupokea ametoa 200,000 na kupata 500,000. Kwa hiyo anadaiwa 300,000. Kila mmoja wa sita wanaosubiri ametoa 200,000 na hajapata kitu. Kwa hiyo anadai 200,000. Wanne wanadaiwa jumla ya 1,200,000, na sita wanadai jumla hiyo hiyo. Upatu, ukiuondolea vicheko na mazoea yake, ni mkopo usio na riba ambao wa mwisho huwakopesha wa mwanzo. Daftari la alama za vema huuficha mkopo huo.

Kasoro hii huonekana pale mtu anapoacha kutoa. Tuseme mwezi wa tano nafasi mbili ziko wazi: ya mshiriki wa pili na ya mshiriki wa tisa, na wote wawili hawatatoa tena. Daftari linawaonyesha kuwa na kosa moja. Lakini wa pili alikwisha kupokea. Anadaiwa 300,000, na deni hilo lina wenyewe: ni 50,000 kwa kila mmoja wa watu sita, kuanzia wa tano hadi wa kumi. Wa tisa hajapokea chochote. Zamu yake ikifutwa, hadaiwi na mtu. Yeye ndiye anayedai 200,000 alizokwisha kutoa.

Anamdai nani? Vikundi vingi hujibu kwamba "anakidai kikundi", na hapo ndipo haki yake hupotelea, kwa sababu kikundi cha namna hii hakina sanduku. Kila shilingi iliyoingia ilitoka siku hiyo hiyo. Jibu sahihi limo katika hesabu. Mchango wake wa mwezi wa kwanza aliupata mshiriki wa kwanza, wa mwezi wa pili aliupata wa pili, na kadhalika hadi wa nne. Kwa kuwa hatakuwa na zamu ambayo hao wanne wangemrudishia, kila mmoja wao anapaswa kumlipa 50,000. Badala yake, mara nyingi anayeacha kabla ya kupokea huambiwa amevunja utaratibu na fedha zake zimekwenda, huku aliyepokea na kuacha akibembelezwa kwa simu za upole. Adhabu humwangukia mkopeshaji na heshima hupewa mkopaji.

Kasoro ya pili ni ya kimya zaidi. Tuseme mshiriki wa pili alikosa mwezi wa tano tu, kisha akaendelea kutoa kama kawaida bila kulipa pengo lake. Mshiriki wa tano alipokea 450,000 na kulalamika. Kijumbe, kwa kuona haya, alimkamilishia mwezi wa sita kwa kuchota 50,000 kutoka katika fedha za mwezi huo. Sasa wa tano ameridhika, lakini wa sita amepungukiwa. Mwezi wa saba wa sita anakamilishiwa kwa fedha za wa saba, na mtindo huo huendelea. Shimo halijazibwa, limehama. Linahama hadi kwa mshiriki wa kumi, ambaye hana mwezi wa kumi na moja wa kuchotewa. Aliyewakopesha wenzake kwa muda mrefu kuliko wote ndiye anayeondoka na 450,000. Akiuliza, anaonyeshwa daftari: pengo liko mwezi wa tano, na aliyepokea mwezi wa tano amekwisha kusaini kwamba amepata zote.

Dawa yake haihitaji mhasibu. Mbali na jedwali la michango, daftari liwe na ukurasa wa kila mshiriki wenye safu tatu: jumla aliyotoa, jumla aliyopokea, na tofauti yake, ikielezwa kuwa anadai au anadaiwa. Kila baada ya zamu kurasa hizo zijumlishwe mbele ya wote. Jumla ya wanaodai lazima ilingane na jumla ya wanaodaiwa. Isipolingana, kuna fedha iliyopokelewa bila kuandikwa au iliyoandikwa bila kupokelewa, na ni rahisi kuitafuta ndani ya mwezi mmoja kuliko ndani ya kumi.

Pili, mchango unaochelewa usiandikwe katika mwezi ulioletwa. Uandikwe kwa jina la aliyepungukiwa, akabidhiwe yeye, naye asaini na kuweka tarehe. Fedha za zamu moja zisikamilishe zamu nyingine. Sharti hili moja hulizuia shimo lisitembee, na humfanya mdaiwa akabiliane na mwenzake mwenye jina badala ya kujificha nyuma ya neno "kikundi". Ujumbe wa simu wa kutuma fedha ni ushahidi kwamba fedha zimehama. Hausemi zilikuwa za mwezi gani wala za nani. Hilo lazima liandikwe.

Najua pingamizi litakalotolewa: mchezo ni uaminifu, na kudai saini kwa jirani wa mezani ni kumtukana. Lakini tuangalie uaminifu huo unamlinda nani. Wa mwanzo hawamwamini mtu, kwa kuwa wamekwisha kupokea. Wanaobeba imani yote ni wa mwisho, na mara nyingi ni mtumishi mpya au mhudumu wa ofisi, asiye na sauti ya kuomba zamu ya mapema. Kukataa maandishi kwa jina la uaminifu ni kumtaka mnyonge aamini bila ushahidi.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 hapa Tanzania iliviweka vikundi vya kijamii vya fedha katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Mjadala wa usajili ni halali, lakini cheti cha ukutani hakitamwambia mshiriki wa kumi nani ana 50,000 zake. Ukurasa wenye safu tatu utamwambia. Walio katika zamu za mwisho wana haki ya kuudai kabla hawajatoa mchango wa kwanza, kwa sababu wakishatoa, wanaoweza kuukataa watakuwa tayari wamepokea.