Mradi Upite Langoni

Mwaka 1990 gari la Nyayo Pioneer lilizinduliwa jijini Nairobi. Lilikimbia barabarani, ila halikuuzwa kwa umma. Kwa maoni yangu, gari la majaribio hujibu swali moja tu: je, laweza kuundwa? Kabla ya kuvuka hatua hiyo, pawepo lango la maswali mengine: nani atalinunua, kwa bei gani, na fedha za kiwanda zitatoka wapi? Majibu yote yakiridhisha, mradi uendelee. Wanunuzi wakiwapo lakini fedha hazijapatikana, usimamishwe hadi tarehe maalumu. Wanunuzi wasipokuwapo, ukomeshwe. Masharti hayo yaandikwe kabla ya kazi kuanza. Gharama zilizokwisha kutumika zisiwe hoja ya kuendelea; maji yaliyomwagika hayazoleki.