Jibu la Uongo Nalo Lina Kazi Yake

Wako walimu wenzetu wadhanio ya kuwa katika swali la kuchagua kazi yote imo katika swali lenyewe na jibu lake la kweli, na ya kuwa yale majibu mengine matatu ni ya kujazia nafasi tu. Mwalimu wa namna hiyo huinakili sura moja ya kitabu cha uchumi, hung'oa sentensi humo, hufuta neno moja, kisha huokota maneno matatu yoyote na kuyapanga chini yake. Kwa saa moja amekwisha kuandika maswali 20, na karatasi yapelekwa kupigwa chapa. Mimi nasema hiyo si kazi, na hasara yake yawaangukia watoto wetu.

Sisemi hayo kwa kusikia. Siku moja nililetewa karatasi ya mazoezi iliyotungwa hivyo juu ya sura ya kwanza ya uchumi: maswali 20, kila moja lina majibu manne. Wanafunzi wangu wakapata alama nyingi, nami nikafurahi. Halafu nikamwita kijana wa darasa la chini, ambaye hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa sura ile, nikampa karatasi ile ile. Akapata 14. Na mtu abahatishaye tu, macho yamefumbwa, hutazamiwa kupata kama 5. Nikamwuliza, "Mwanangu, umejuaje?" Akanijibu, "Mwalimu, jibu la kweli ni lile refu, na mengine ni ya kuchekesha." Furaha yangu ikaisha papo hapo. Karatasi ile haikupima uchumi. Ilipima macho ya mtoto.

Na tuitazame sura yenyewe. Yafundisha gharama ya fursa. Yasema ya kuwa mtu hana muda wala mali ya kutosha kufanya yote ayatakayo, basi achaguapo jambo moja huacha mengine. Na gharama ya fursa ya lile alilolichagua ni thamani ya lile lililo bora kuliko yote katika hayo aliyoyaacha. Mwalimu mvivu atauliza, "Gharama ya fursa ni nini?" naye ataweka sentensi hiyo ndefu, kisha "bei ya ng'ombe", kisha "jina la benki", kisha "yote hapo juu". Nani atakosa? Wala aliyepata hatujui kama ameelewa.

Sasa sikilizeni swali jingine. Petro ana siku moja tu ya Jumamosi. Akiuza nyanya sokoni atabakiwa na shilingi 6,000 baada ya kutoa gharama zote. Akifyatua matofali atabakiwa na 5,000. Akilima shamba la jirani atabakiwa na 9,000. Hawezi kufanya zaidi ya kazi moja, naye amechagua kulima. Gharama ya fursa ya kulima ni ngapi?

(a) 0
(b) 6,000
(c) 9,000
(d) 11,000

Jibu la kweli ni 6,000, maana nyanya ndizo bora katika alivyoviacha. Lakini tazameni yale mengine matatu, ambayo watungaji wa mitihani huyaita vipotoshi. Achaguaye 0 amewaza ya kuwa gharama ni fedha itokayo mfukoni tu, na Petro hakutoa hata senti. Achaguaye 9,000 amechanganya alichokipata na alichokiacha. Achaguaye 11,000 amejumlisha nyanya na matofali, amesahau ya kuwa Petro asingaliweza kuyafanya yote mawili katika siku ile moja. Kila uongo hapo una mzazi wake, nao ni kosa ambalo mwanafunzi mwenye akili aweza kulifanya kweli. Nisahihishapo karatasi, sioni tu kwamba mtoto amekosa. Naona amepotelea njia panda ipi, nami nitajua kesho nianzie wapi kufundisha.

Mtauliza, makosa hayo huyapata wapi? Sikuyabuni. Kwanza niliuliza swali lile bila majibu yoyote, kila mtoto akaandika hesabu yake daftarini. Nikayakusanya makosa, nikayahesabu, na yale yaliyorudiwa na wengi ndiyo niliyoyafanya vipotoshi. Kisha, darasa jingine lilipojibu, nikahesabu tena wangapi wamechagua kila herufi. Kipotoshi kisichochaguliwa na mtu ye yote ni maiti, na kiondolewe. Heri majibu matatu yaliyo hai kuliko manne ambayo moja limekufa.

Walakini iko hatari upande wa pili, nayo ni kipotoshi kifananacho na kweli mno hata kikawa kweli. Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Marekani, Paul Ferraro na Laura Taylor, walitangaza habari za swali moja la gharama ya fursa walilowauliza wachumi 199. Mtu amepata tiketi ya bure ya kumsikiliza mwimbaji mmoja, nayo haiuziki. Usiku ule ule yuko mwimbaji mwingine, ambaye kumsikiliza kwa mtu huyo kwastahili dola 50, na tiketi yake ni dola 40. Jibu lililotakiwa ni dola 10, yaani 50 kutoa 40. Majibu yalikuwa manne, na waliopata ni asilimia 21.6 tu, chini ya wale ambao wangalibahatisha! Wengi waliwacheka wachumi hao. Lakini mwaka 2012 wataalamu wengine wakaonyesha ya kuwa majibu mengine nayo yaweza kutetewa, kwa kadiri mtu aelezavyo maana ya gharama ya fursa. Ndiyo sababu katika swali la Petro niliandika "baada ya kutoa gharama zote". Ondoeni maneno hayo, na mtoto mwerevu atauliza habari za nauli ya kwenda sokoni, naye atakuwa na haki. Mtungaji asiandike neno ambalo sura aliyoinakili haiwezi kulihukumu.

Wengine watanipinga wakisema, "Ukiwawekea watoto uongo wenye sura ya kweli, wataukariri." Neno hilo si la kupuuzwa. Mwaka 2005 Henry Roediger na Elizabeth Marsh walionyesha ya kuwa wanafunzi hubeba baadhi ya majibu ya uongo waliyokutana nayo na kuyatoa baadaye kama maarifa. Lakini dawa yake ipo: uchunguzi wa Butler na Roediger wa mwaka 2008 ulionyesha ya kuwa kuwajulisha wanafunzi jibu sahihi hupunguza madhara hayo. Basi tusiuache uongo wa kweli kwa kukimbilia upuuzi. Tusahihishe, tena tueleze kwa nini 11,000 si jibu. Atoaye karatasi bila kuisahihisha huyo ndiye apandaye magugu.

Nanyi wazazi, mnunuapo kijitabu cha mazoezi, msihesabu maswali. Mpeni mtoto ambaye hajasoma somo lile ajibu ukurasa mmoja. Akipata mengi, kirudisheni dukani. Na wewe mwalimu mwenzangu, usiniambie umetunga maswali 20 kwa saa moja. Niambie kila jibu la uongo ulilitoa katika kosa la nani.