Tanuri la Wafipa si kichuguu! (Slaidi za mraba na skrini pana)

Nimekuwa kimya, si unajua tena mambo ya kozi weki. Leo nimerudi na donge langu.

Alhamisi tulikuwa na semina. Mada yangu ilikuwa malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambayo Wafipa waliyeyushia chuma. Picha niliipiga mwenyewe likizo, siku niliyotoka nyumbani Laela na babu kwenda kuliona moja. Hoja yangu nzima ilikuwa kimo: ilungu lilifika kama mita 3 kwenda juu, na urefu huo ndio ulivuta hewa kupitia matundu ya chini, bila mtu kuvukuta.

Basi, slaidi zangu nilizitengeneza kwa umbo la zamani, 4:3. Ukumbi una projekta ya skrini pana, 16:9. Dakika kumi kabla ya kuanza, jamaa mmoja wa darasani akaniambia, "Lete nikubadilishie, ni kubonyeza tu." Akabonyeza. Picha ilipotokea, mtu wa nyuma akauliza, "Hicho ni kichuguu?" Ukumbi ukacheka. Jamani, unatetea vipi hoja ya urefu wakati picha yako imechuchumaa?

Usiku nilikaa na laptopu nikagundua kilichotokea. Mimi bado natumia PowerPoint 2010. Ukienda Design, halafu Page Setup, ukachagua On-screen Show (16:9), programu haiongezi upana hata kidogo. Slaidi ya 4:3 ni inchi 10 kwa 7.5. Baada ya kuchagua inakuwa inchi 10 kwa 5.625. Yaani upana ni uleule, ila robo ya kimo imekatwa, na kila picha inakandamizwa pamoja nayo. Tanuri langu lilikuwa sm 6 kwa 9, likawa sm 6 kwa 6.75. Maandishi nayo yakakosa nafasi: herufi zilibaki saizi 28 ndani ya slaidi fupi, mistari miwili ya mwisho ikaangukia nje.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: usikate kimo, ongeza upana. Kwanza hifadhi nakala ya faili kwa jina lingine. Kisha palepale Page Setup chagua Custom, andika Width 13.333 na Height 7.5. Hiyo nayo ni 16:9, lakini kimo hakijaguswa, kwa hiyo maandishi hayadondoki chini.

Picha sasa zitavutwa kwa upana, hilo ulitegemee, lakini linatibika. Bonyeza picha kwa kitufe cha kulia, fungua Size and Position, tazama Scale Height na Scale Width. Picha yangu ilikuwa 60% kwa 60%. Sasa ilisomeka kimo 60%, upana 80%. Namba mbili zikitofautiana, ujue picha imepotoshwa, hata kama jicho halijashtuka. Ondoa tiki kwenye Lock aspect ratio, rudisha upana 60%, kisha weka tiki tena. Ukisahau kuondoa tiki, ukibadilisha namba moja na nyingine inafuata, na picha inabaki na kilema chake.

Wenye PowerPoint 2013 na kuendelea mna nafuu. Design, Slide Size, Widescreen (16:9) inawapa hizo hizo inchi 13.333 kwa 7.5, na picha za kwenye slaidi kwa kawaida hazivutwi. Ila fungueni View, kisha Slide Master, mkague nembo ya chuo. Ile ikiwa imetanuka, imetanuka kwenye slaidi zote.

Kitu kingine: upande utakaobaki mtupu, uacheni mtupu, au sogezeni picha pale maandishi yapate kupumua. Tamaa ya kujaza nafasi ndiyo inayowafanya watu wavute picha kwa makusudi.

Na kama zimebaki dakika kumi kama mimi, usibadilishe chochote. Slaidi ya 4:3 kwenye skrini pana inaonekana na mistari myeusi pembeni, basi. Haipendezi, lakini haidanganyi. Mistari myeusi haijawahi kumfupisha mtu tanuri.

Babu nikimwonyesha ile ya Alhamisi atanifukuza. Nimerekebisha, na mwalimu amenipa nafasi nyingine wiki ijayo. Mje muone lilivyo refu.

Naomba kuwasilisha.