Kufua Tunajua, Pasi Ndiyo Inatutia Hasara

Vijana wenzetu, na ninyi wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee juu ya kazi ambayo wengi wetu hapa Gisenyi tunafanya nyumbani: kufulia majirani. Walimu, wauza duka, na wale wanaovuka mpaka kila asubuhi kwenda Goma wanarudi jioni wamechoka. Nguo zao zinatungoja sisi.

Msimamo wetu ni huu: tuache kupiga pasi bure kama nyongeza ya kufua.

Chukua mzigo wa mashati matano na suruali mbili. Unakula bidoni tatu za maji za lita 20, moja ya kufua na mbili za kusuuza. Tuseme unalipwa faranga 200 kwa kila nguo: ni 1,400. Maji na sabuni vikitoka na 500, unabaki na 900. Ukipiga pasi bure kwa makaa ya 300, unabaki na 600 tu. Lakini ukidai faranga 100 za pasi kwa kila nguo, unaondoka na 1,300. Bei za mtaa wako weka wewe mwenyewe, hesabu ni ileile.

Tena hatari yote iko kwenye pasi. Shati moja ikiungua, utailipa kwa mizigo mingi.

Pasi ya makaa haina kitufe cha kupunguza moto. Inakuwa kali mwanzoni, halafu inapoa polepole. Kwa hiyo anza na pamba, ambayo inavumilia moto, na nguo za nailoni na poliesta ziache mpaka mwisho. Kila mara jaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu: kikigeuka njano, au pasi ikinata, ngoja. Suruali nyeusi igeuze ndani nje, la sivyo itang'aa kama imezeeka. Ukitaka kupuliza makaa, toka mbali na nguo, maana jivu na cheche vinatoka kwenye matundu. Na usifunge mlango hata mvua ikinyesha: hewa ya makaa haina harufu ya kukuonya, na inaua.

Kabla ya kupokea, hesabuni nguo pamoja na mwenyewe. Doa, tundu, kifungo kilichopotea, muonyeshe palepale na uandike kwenye daftari. Wengi wetu tumegombana na jirani kwa tundu tulilolikuta.

Wa mashirika, mafunzo tunashukuru. Lakini anayefua tayari, muulizeni kwanza kama ana pasi ya umeme yenye kupunguza moto, na kamba ya kuanikia chini ya bati. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano mvua haituachi. Nguo isiyokauka inanuka, na jirani harudi.