Jibu Lilikosewa Wapi?

Kuna tangazo ambalo magazeti yetu huliandika kwa mazoea: "Katika toleo letu lililopita kulijitokeza makosa kwenye jibu la swali la msomaji. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Makosa yapi? Mstari upi? Na sahihi ni ipi? Kimya. Radhi imeombwa, mhariri amepumua, na msomaji ameachwa pabaya zaidi ya pale alipokuwa.

Tunasema pabaya zaidi kwa makusudi. Aliyesoma jibu lenye kosa moja ana kosa moja mkononi. Ukimwambia tu kwamba jibu halikuwa sahihi, ataanza kulishuku lote, pamoja na yale yaliyokuwa sawa. Kisha ataamua mwenyewe kipi atupe na kipi abaki nacho, na kwa kuwa hukumpa cha kumwongoza, ataamua kwa kubahatisha.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa jambo ambalo kila mlezi wa mtoto amekutana nalo. Mzazi anaandikia ukurasa wa afya: mtoto anaharisha, duka la dawa liko mbali, pakiti za ORS hakuna; maji ya chumvi na sukari yanatengenezwaje nyumbani? Jibu lake linajulikana miaka mingi. Chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vimesawazishwa, visiwe na kilima juu. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na aliyezidi hapo mililita 100 hadi 200, kidogo kidogo. Aendelee kunyonya na kula. Yakipita saa 24, maji yamwagwe na yatengenezwe mengine.

Sasa tuseme gazeti limechapisha hayo yote bila dosari, isipokuwa neno moja. Badala ya nusu kijiko cha chai cha chumvi, imeandikwa nusu kijiko cha chakula. Kijiko cha chakula hubeba mara tatu ya kijiko cha chai, kwa hiyo chumvi inapanda kutoka takriban gramu tatu hadi tisa katika lita ileile. Mtoto anayepoteza maji kwa kuharisha akinyweshwa chumvi kiasi hicho, chumvi huzidi kwenye damu na kuyavuta maji kutoka ndani ya chembe za mwili, zikiwemo za ubongo. Atakuwa na kiu isiyokatika, atahangaika au atalegea, na hali ikizidi atapata degedege. Kibaya ni kwamba anavyolilia maji ndivyo mlezi anavyozidi kumpa yaleyale, akidhani dawa inahitajika zaidi.

Wiki inayofuata gazeti linatoa tangazo lake: jibu letu kuhusu maji ya chumvi na sukari lilikuwa na makosa.

Msomaji wa kwanza anarudi kwenye jibu na kulisoma upya, akitafuta kinachomshangaza. Kijiko cha chakula hakimshangazi. Kipo jikoni kwake. Kinachomshangaza ni vijiko sita vya sukari, kwa sababu siku zote amesikia kwamba vitu vitamu humzidishia mtoto kuharisha. Anapunguza sukari iwe vijiko viwili na chumvi anaiacha ilivyo. Hapo amelifanya kosa kuwa kubwa zaidi. Sukari katika maji hayo haikuwekwa kwa ajili ya ladha. Ukuta wa utumbo huingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja kupitia mlango mmoja, na maji hufuata nyuma yake. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata utumbo ukiwa unaumwa. Ukiipunguza sukari na kubakiza chumvi nyingi, mtoto anapata mzigo wa chumvi huku maji yenyewe yakichelewa kuingia mwilini.

Msomaji wa pili ni mwangalifu zaidi, na uangalifu wake unamponza. Anaona kwamba kama wataalamu wa gazeti wamekosea, heri kuacha kabisa. Anamwaga maji yote na kurudi kwenye ile imani ya zamani kwamba anayeharisha asipewe vya kunywa mpaka tumbo litulie. Yeye amelitupa jambo ambalo lilikuwa sahihi kuliko yote katika jibu lile, yaani kumrudishia mtoto maji anayoyapoteza. Kosa la chumvi lingeondolewa kwa neno moja. Tangazo lisilosema kitu limeondoa tiba nzima.

Wahariri wana sababu zao. Ya kwanza ni aibu, nayo haihitaji maelezo. Ya pili ni wanasheria, ambao huona kila maelezo ya kosa ni ushahidi wa kesho mahakamani. (Wengine humsukumia mpangaji chapa, wakiliita kila kosa "la uchapaji". Masikini huyo amebebeshwa mengi tangu enzi za herufi za risasi.) Ya tatu ndiyo yenye uzito: kwamba kulirudia kosa ni kulieneza. Kanuni za maadili ya uandishi wa habari zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya Kenya ya mwaka 2013 ziliweka msimamo wa namna hiyo. Zilitaka sahihisho litoe habari iliyo sahihi, na lisilirudie kosa isipokuwa pale ambapo bila kulirudia halieleweki.

Tunakubaliana na kanuni hiyo, lakini isomwe yote. Sharti lake la kwanza ni kwamba habari sahihi itolewe, na hapo tangazo la "tunaomba radhi" limeshaanguka. Tena ule mwanya wa mwisho ni mpana kuliko wengi wanavyoufikiria. Jina la mtu likiandikwa vibaya, linatosha kuandikwa vizuri. Kwenye vipimo haitoshi, hasa vya dawa. Ukichapa upya "nusu kijiko cha chai cha chumvi" bila kusema kwamba awali kiliandikwa kijiko cha chakula, msomaji aliyekwisha kukariri atapita juu ya mstari huo akidhani ni uleule alioujua. Macho hayaoni tofauti ambayo hayakuambiwa iko wapi. Hofu ya kulieneza kosa inatibika kwa mpangilio: lililo sahihi litangulie na ndilo liingie kwenye kichwa cha habari, lililokosewa lifuate, mara moja tu, likiwa limetajwa wazi kuwa kosa.

Kwa mfano wetu, sahihisho lingetosha hivi: "Maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha: chumvi ni nusu kijiko cha CHAI kwa lita moja ya maji. Katika jibu letu la wiki iliyopita tuliandika kijiko cha chakula, ambacho ni mara tatu ya kiasi hicho na ni hatari. Vipimo vingine havijabadilika: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari. Maji yaliyotengenezwa kwa kipimo cha kwanza yamwagwe. Mtoto aliyekwisha kuyanywa na akawa na kiu kali, kulegea au degedege apelekwe kituo cha afya mara moja."

Angalieni sentensi ya "vipimo vingine havijabadilika". Ndiyo inayomzuia msomaji wa kwanza asiiguse sukari na wa pili asimwage kila kitu, na ndiyo husahaulika hata na wale wanaosahihisha kwa nia njema. Halafu tangazo hilo linajitosheleza. Ukurasa wa afya hupigwa picha ukatumwa WhatsApp, hukatwa ukabandikwa ukutani. Kosa likishatoka halirudi gazetini kusubiri kusahihishwa. Sahihisho nalo linapaswa kuweza kusafiri peke yake, bila kumtaka msomaji awe na toleo la wiki iliyopita mkononi.

Watu wa tiba hiyohiyo waliwahi kuonyesha namna inavyofanywa. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walibadilisha mchanganyiko wa ORS uliokuwa umetumika kwa miaka mingi. Haukuwa sumu, umeokoa watoto wengi. Lakini utafiti ulionyesha kwamba wenye chumvi na sukari pungufu kidogo ulipunguza kutapika na wingi wa choo, na watoto wachache zaidi walihitaji dripu. Walitaja kilichobadilika na kwa kiasi gani: sodiamu kutoka milimoli 90 kwa lita hadi 75, glukosi kutoka 111 hadi 75. Walitaja pia kisichobadilika: potasiamu ilibaki 20 na sitrati 10. Mwenye kiwanda alijua apunguze nini kwenye mtambo wake, na hakuna aliyelazimika kukisia kama tiba yenyewe imekataliwa.

Lawama hii si ya wahariri peke yao. Barua za wasomaji nazo zina ugonjwa huohuo. "Jibu lenu la juzi si sahihi kabisa, jirekebisheni." Huyo huenda ni muuguzi wa miaka 20 aliyekiona kile kijiko cha chakula akashtuka, lakini barua yake haitofautiani na ya mtu aliyeudhika tu. Jibu kama lile lina madai yasiyopungua manane: maji, sukari, chumvi, aina ya kijiko, kiasi cha kumpa mtoto, umri, chakula, saa 24. Dawati la habari litayapitia yote, na likiwa na watu wawili na toleo la kesho linasubiri, litaliangalia lile la kwanza, litaliona liko sawa, na barua itawekwa kando. Muuguzi angenakili maneno saba tu yenye kosa, simu ingepigwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Wapo wanaojua kuna kosa na hawalijui lililo sahihi. Hao tusiwafukuze kwa kuwadai jibu. Mama anayesema, "Nilitengeneza kama mlivyoandika, lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chakula, mtoto alizidi kulilia maji na kutapika," hajasahihisha chochote, lakini ametaja alichopima na alichokiona. Mhariri anayeijua kazi yake atalisimamisha jicho kwenye kijiko kile kabla hajafika mwisho wa barua, na hatangoja toleo la wiki ijayo: atapiga simu redio ya eneo lake alasiri ileile na kuomba kipimo sahihi kisomwe pamoja na taarifa ya habari ya jioni.