Tuliagiza Kumi na Tano, au Tuliagiza ya Kumi na Tano?

Kuna uongo mmoja unaopendwa sana katika ofisi zinazolipia tafsiri za Kiarabu. Unasema hivi: mfasiri akishamaliza maneno, kazi imeisha, na yaliyobaki ni ya mtu wa kupanga kurasa. Namba ni namba, jina la kampuni ni jina la kampuni, havitafsiriwi, kwa hivyo haviwezi kukosewa. Na zikionekana zimekaa ovyo, si azisogeze tu kwa mkono mpaka zipendeze?

La, asizisogeze. Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Katika sentensi ya Kiarabu, mahali namba inapokaa ni sehemu ya maana. Anayelipia maneno akakataa kulipia mpangilio amenunua nusu ya tafsiri, na nusu aliyoiacha mara nyingi ndiyo yenye pesa na namba ya simu.

Tuanze na msingi. Kiarabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, lakini namba zake huandikwa kama zetu: mia upande wa kushoto, mamoja upande wa kulia. Majina kama Samsung yakiachwa katika herufi za Kilatini nayo hubaki na mwendo wake wa kushoto kwenda kulia. Basi mstari mmoja una mienendo miwili. Kompyuta huhifadhi herufi kwa mfuatano wa kusomwa, ya kwanza kusomwa ikiwa ya kwanza kuhifadhiwa, halafu wakati wa kuonyesha huzipanga upya kwenye skrini kwa kanuni za Unicode. Kwa hivyo mpangilio ni mbili: ule uliohifadhiwa na ule unaoonekana. Ukichanganya hizo mbili umekwisha.

Ili tuelewane bila kujua alifu wala bee, nitaandika Kiarabu kwa herufi kubwa. Kila neno la herufi kubwa hapa chini lichukue kuwa limeandikwa kwa Kiarabu, na likionyeshwa kwenye skrini nitaligeuza, maana husomwa kutoka kulia. Duka linaandikia msambazaji wake wa Dubai. Ujumbe wa kwanza unasema duka liliagiza simu kumi na tano za aina ya iPhone. Wa pili unasema liliagiza ile simu iitwayo iPhone 15. Vilivyohifadhiwa ni hivi:

```
1. TULIAGIZA 15 iPhone
2. TULIAGIZA iPhone 15
```

Na kwenye skrini ya msambazaji, katika aya ya Kiarabu, vinaonekana hivi:

```
1. iPhone 15 AZIGAILUT
2. iPhone 15 AZIGAILUT
```

Hakuna tofauti. Hata nukta moja. Katika ujumbe wa kwanza, 15 imefuata neno la Kiarabu, kwa hivyo mashine inaiweka kushoto kwa neno hilo, kisha iPhone inakaa kushoto zaidi. Katika wa pili, 15 imefuata herufi za Kilatini, mashine inaihesabu kuwa mkia wa jina, na jina pamoja na mkia wake vinaenda kwa mwendo wa Kilatini. Njia mbili tofauti, na zote zinatua mahali pamoja. Msambazaji mwenye macho mazuri na Kiarabu safi hana namna ya kujua kama atume simu kumi na tano au simu moja.

Sasa niambie, mtu wa kupanga kurasa atasogeza nini hapo? Hakuna kilichopinda. Jicho linaona sentensi nadhifu. Dawa ya kosa hili iko kwa mfasiri peke yake, kwa sababu ni dawa ya lugha: anaweka jina la Kiarabu katikati.

```
TULIAGIZA 15 KIFAA iPhone    iPhone AAFIK 15 AZIGAILUT
TULIAGIZA KIFAA iPhone 15    iPhone 15 AAFIK AZIGAILUT
```

Kushoto ni kilichohifadhiwa, kulia ni kinachoonekana. Sasa 15 ya idadi imeshikwa na neno la Kiarabu pande zote mbili, na ile ya jina imebaki na jina lake. Neno moja tu limeongezwa. Na ni neno ambalo mteja anayehesabu maneno atauliza, "Hili limetoka wapi? Kwa Kiingereza halipo." Limetoka katika ufundi, bwana.

Tuje kwenye namba ya simu, kwa maana hii inagusa watu wetu moja kwa moja. Wakenya wengi huenda kufanya kazi Saudia, Qatar na Emirati wakiwa na karatasi za lugha mbili, Kiingereza upande mmoja na Kiarabu upande wa pili. Upande wa Kiarabu huwa na namba ya kupigiwa jamaa nyumbani. Chukua namba ya mfano, niliyoikata makusudi isiwe ya mtu yeyote:

```
imehifadhiwa:   SIMU: +254 700 12 34
inaonekana:     34 12 700 254+ :UMIS
```

Tazama vizuri. Tarakimu ndani ya kila kundi hazikugeuka. 254 bado ni 254. Kilichogeuka ni mfuatano wa makundi, kwa sababu nafasi kati yao haina mwendo wake yenyewe, basi inafuata mwendo wa aya. Alama ya kujumlisha nayo imerukia kulia. Mwarabu anayesoma upande huo hawezi kuwa na hakika aanze kundi lipi. Na siku ya kuitafuta namba hiyo huwa si siku ya raha.

Lakini ngoja. Namba ileile, katika aya ileile, ukiitanguliza kwa neno la Kilatini:

```
imehifadhiwa:   AU WhatsApp: +254 700 12 34
inaonekana:     WhatsApp: +254 700 12 34 UA
```

Imenyooka yenyewe! Kwa sababu ileile ya iPhone 15: namba iliyotanguliwa na herufi za Kilatini hufuata mwendo wa Kilatini. Ndiyo maana mkaguzi wa haraka hudanganyika. Anaangalia namba moja, anaiona sawa, anapiga muhuri ukurasa mzima, kumbe mistari miwili juu yake namba hiyohiyo imevurugika. Anayesema "tuliangalia, ziko sawa" bila kuangalia kila mahali namba ilipotokea hajaangalia kitu.

Basi mtu wa kurasa anakuja na mkono wake. Anaona makundi yamegeuka, anayaandika upya kinyume, skrini inapendeza, mteja anafurahi. Alichofanya ni kuhifadhi namba ya uongo ili picha yake iwe ya kweli. Mtu akiigusa namba hiyo kwenye simu ili ipige, simu inapiga kilichohifadhiwa: inaanza na 34. Na maandishi hayo yakihamishiwa kwenye tovuti ambako mwendo umetangazwa sawasawa, yatageuka tena, na hapo kosa litaonekana ni la mtu wa tovuti. Mwenye kosa keshalipwa zamani.

Njia ya haki ni kuacha namba ilivyo na kuiambia mashine mwendo wake. Kwenye ukurasa wa tovuti ni hivi:

```
<p dir="rtl">SIMU: <bdi dir="ltr">+254 700 12 34</bdi></p>
```

Mahali pasipo na alama za tovuti, Unicode ina herufi zisizoonekana kwa kazi hiyohiyo: U+2066 kabla ya namba na U+2069 baada yake. Hizi ziliingizwa mwaka 2013, katika toleo la 6.3. Zinafungia namba ndani ya chumba chake, kisiguswe na majirani. Sitadai kwamba ni dawa ya kila kitu. Programu nyingine huzifuta kimyakimya, na mtu akiinakili namba pamoja nazo, fomu inayotaka tarakimu tupu inaweza kuikataa. Kwa hivyo penye `dir` tumia `dir`, na hizi uziweke pale pasipo na njia nyingine.

Najua jibu linalokuja. Watasema, "Si mtumie tarakimu za Kiarabu zenyewe?" Haisaidii. Nazo zikitenganishwa kwa nafasi, makundi hugeuka vilevile. Wengine watasema, "Andikeni majina yote kwa herufi za Kiarabu." Samsung sawa, Waarabu huiandika hivyo kila siku. Lakini namba ya modeli, anwani ya barua pepe au jina lililosajiliwa kwenye mkataba huwezi kulibadilisha herufi kwa sababu tu limekusumbua.

Na kuna wale wa tatu, ambao ndio wananichosha: "Waarabu wamezoea, watajua tu." Mazoea hayajui kama 15 ni idadi au ni jina. Chukua tarehe iliyoandikwa kwa vistari, 2025-04-06, baada ya neno la Kiarabu. Inaonekana 06-04-2025. Je, ni tarehe sita Aprili, au nne Juni? Andika kwa mkwaju, 06/04/2025, na haigeuki, maana kanuni huuchukua mkwaju kuwa sehemu ya namba lakini kistari hapo hukiacha nje. Mwenye kujua hayo yote kwa mazoea tu ni nani? Andika jina la mwezi, yaishe.

Kwa hivyo ukipokea tafsiri ya Kiarabu, usiulize tu kama maneno ni sahihi. Tafuta kila namba na kila jina la Kilatini. Kila namba ya simu inakili uibandike mahali pa kupigia, uone inaanza na nini. Hapo aliyegeuza kwa mkono ataonekana. Kisha itazame ilivyo kwenye karatasi ya mwisho, kwa sababu karatasi haina cha kunakili na msomaji wake ana macho tu. Zote mbili zikikubaliana, lipa. Na umlipe mfasiri kwa saa hizo, usimwite baada ya wiki mbili kumwomba "arekebishe kidogo" bure.

Pwani yetu iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya kompyuta, na mwandishi aliyeshika kalamu alijua mwenyewe namba yake inaanzia wapi. Mashine haijui mpaka iambiwe. Anayestahili kuiambia ni yule anayeijua maana, si yule anayependa tu mstari ulionyooka.